Mstari mnene kituo kinapobadilika kwenye orodha ya vifurushi: Conditional Formatting inanigomea

KaraniWaVifurushi

Habari za usiku wakuu. Mimi ni karani wa vifurushi kwenye basi la usiku, Dar kwenda Mbeya. Kila jioni naandaa orodha ya mizigo kwenye Excel, naipanga kwa kituo cha kushukia, naichapa kwenye A4 na kumkabidhi kondakta. Kolamu A ni namba ya kifurushi, B ni kituo, C jina la mpokeaji, D simu, E aina ya mzigo, F malipo. Kichwa kipo safu ya 1, data inaanzia safu ya 2. Vituo vyangu kwa mpangilio wa njia ni Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya.

Ninachotaka: kituo kinapobadilika, pawe na mstari mnene kuanzia A mpaka F. Kondakta anaisoma karatasi saa nane za usiku kwa tochi ya simu, watu wamelala, dereva anamharakisha. Wiki iliyopita dawa za mtu wa Iringa zilibaki kwenye buti zikafika Mafinga, kwa sababu safu ya mwisho ya Iringa na ya kwanza ya Mafinga zilikuwa zimebanana na macho yakaruka. Mpokeaji alisubiri stendi mpaka asubuhi.

Nilikuwa nachora mistari kwa mkono. Shida ni kwamba saa kumi na mbili jioni mtu analeta kifurushi cha mwisho, nakiongeza chini, napanga upya, na mistari yote inabaki palepale ilipokuwa. Nimejaribu Conditional Formatting nikaandika hii:

```
=$B2<>$B3
```

Inafanya kazi, mstari unatokea mahali sahihi, ila ni mwembamba kama uzi wa buibui. Mnene nimeutafuta sijauona. Msaada tafadhali.

Chapakazi255

Mkuu mbona rahisi. Ukiwa kwenye kanuni yako bonyeza Format, nenda Border, upande wa kushoto kuna Style, chagua ule mnene kabisa halafu bonyeza ukingo wa chini. Hata mimi natumia hivyo kwenye orodha ya wateja wa maji na inakubali.

KaraniWaVifurushi

Chapakazi nimefungua tena sasa hivi. Kwenye Style naona nyembamba tu: ya kukatika, ya nukta, na ile moja iliyonyooka. Minene inayokuwepo ukifungua Format Cells ya kawaida haipo hapa.

DadaStoo

Kwa nini usitumie Data, halafu Subtotal? Unachagua "At each change in" kituo, unaweka tiki kwenye "Page break between groups", kila kituo kinatoka kwenye karatasi yake. Stoo kwetu tunafanya hivyo kwa kila idara na hakuna anayechanganya.

KaraniWaVifurushi

Asante dada, ila vituo ni 8 na vingine vina vifurushi viwili tu. Kondakta akishika karatasi nane kwenye basi zitapotea. Nataka ziwe mbili au tatu, na mipaka ionekane.

Mzee_wa_Leja

Karani, hujakosea popote. Excel hairuhusu mstari mnene ndani ya Conditional Formatting. Dirisha la Border unalolipata kupitia kanuni lina mistari myembamba peke yake. Usipoteze usiku kuutafuta.

Njia ni kugeuza swali. Mstari mnene uweke wewe kwa kawaida, kwenye kila safu ya orodha. Kisha kanuni ifanye kazi ya kuupunguza uwe mwembamba pale ambapo kituo hakijabadilika. Kupunguza Excel inakubali, kuongeza ndiyo haikubali. Kwa hiyo fomula yako inageuka, badala ya kuuliza kama vituo ni tofauti inauliza kama ni sawa:

```
=$B2=$B3
```

Fanya hivi, na fuata kwa mpangilio. Kwanza futa kanuni ya zamani na mistari yote uliyochora. Chagua A2 mpaka F2, safu moja tu. Bonyeza Ctrl+1, nenda Border, chagua mstari mnene, bonyeza ukingo wa chini peke yake, kisha OK. Sasa safu ya 2 bado imechaguliwa; bonyeza ile brashi ya Format Painter, halafu buruta kuanzia A3 mpaka F mwisho wa orodha. Kila safu itakuwa na mstari mnene chini yake, karatasi itaonekana kama kreti ya soda. Usiogope.

Halafu chagua A2 mpaka mwisho, na uanze kubofya kwenye A2. Nenda Home, Conditional Formatting, New Rule, "Use a formula to determine which cells to format". Weka fomula ya juu. Format, Border, mstari mwembamba ulionyooka, ukingo wa chini. OK. Ndani ya kituo kimoja mistari itakuwa myembamba, na mwisho wa kila kituo ule mnene utabaki.

Safu ya mwisho kabisa italinganishwa na seli tupu iliyo chini yake, kwa hiyo nayo inabaki na mstari mnene wa kufungia orodha. Hicho unakitaka.

Chapakazi255

Mzee kwa heshima yote, kwangu mnene upo na ninao mbele ya macho. Sitaki kubishana, ila nisionekane nimedanganya watu.

Mzee_wa_Leja

Hakuna aliyesema umedanganya. Unatumia programu gani? Juu ya dirisha imeandikwaje?

Chapakazi255

LibreOffice Calc. Kompyuta ya ofisi haina leseni ya Excel.

Mzee_wa_Leja

Basi tumemaliza ubishi. Wewe uko sahihi kwa Calc. Kule kanuni haichori mstari moja kwa moja, inavalisha seli staili nzima, na staili inaweza kuwa na mstari wa unene wowote. Ndiyo maana fomula ya kwanza ya Karani, ile ya tofauti, kwako inatosha bila kugeuza chochote. Anayetumia Calc aende Format, Conditional, Condition, achague "Formula is", kisha atengeneze staili mpya na kuipa mstari mnene wa chini. Karani yuko Excel, kwa hiyo abaki na njia ya kugeuza.

KaraniWaVifurushi

Mzee nimefuata, lakini kwangu mistari yote imebaki minene. Kanuni ipo, nikibofya Manage Rules naiona, lakini hakuna kilichopungua. Nimeweka kwenye safu zote 96.

Mzee_wa_Leja

Mistari minene uliiweka kwa safu moja halafu brashi, au ulichagua orodha nzima ukabonyeza mistari ya ndani?

KaraniWaVifurushi

Orodha nzima kwa mkupuo. Niliona ni haraka zaidi.

Mzee_wa_Leja

Hapo ndipo penye shida. Mpaka kati ya safu ya 2 na ya 3 una wenyewe wawili: ukingo wa chini wa safu ya 2, na ukingo wa juu wa safu ya 3. Kwa jicho ni mstari mmoja, lakini kila seli inaweza kuwa na wake. Ukichagua orodha nzima na kubonyeza mistari ya ndani, unene unaweza kukaa pande zote mbili. Kanuni inapunguza ukingo wa chini wa safu ya 2, lakini ukingo wa juu wa safu ya 3 bado ni mnene, na ndio unaouona.

Kuhakikisha: chagua seli moja katikati ya orodha, tuseme B30, na uisogeze mbali kwa kuinakili kwenye seli tupu, H5 kwa mfano, yenye nafasi pande zote. Ikitua na mstari juu na chini, ndiyo hiyo. Inatakiwa itue na mstari wa chini tu.

Kutibu: chagua A2 mpaka mwisho, No Border, halafu anza na safu ya 2 peke yake na brashi kama nilivyosema. Kanuni iache, haina kosa. Angalia pia kichwa chako kwenye safu ya 1. Mstari wake wa chini ukifutika, uurudishe.

KaraniWaVifurushi

Imekubali! Chalinze imekaa peke yake na vifurushi vinne, Morogoro kumi na tisa, mstari mnene, Mikumi... Naona raha jamani. Nimeongeza kifurushi cha Ilula chini, nikapanga upya, na mstari umehama wenyewe. Asante sana Mzee.

Ila kuna kitu. Katikati ya Iringa kuna mstari mnene ambao haufai kuwepo. Kati ya safu ya 52 na ya 53. Zote zimeandikwa Iringa.

MwalimuWaNakuru

Hiyo imewahi kunisumbua na majina ya mikondo, Form 2 East na Form 2 East ambazo hazikuwa sawa. Hesabu herufi. Kwenye seli tupu andika:

```
=LEN(B52)
=LEN(B53)
```

Iringa ina herufi sita. Ukipata 7, kuna nafasi imejificha nyuma ya jina.

KaraniWaVifurushi

B53 ni 7! Mwalimu umepiga penyewe. Hiyo ilinakiliwa kutoka ujumbe wa simu wa mteja.

Mzee_wa_Leja

Mwalimu ameiona vizuri. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, kwa alama ya sawa Excel inaichukua iringa na Iringa kuwa kitu kimoja. Nafasi ndiyo inayotenganisha. Unaweza kuifanya kanuni isiijali:

```
=TRIM($B2)=TRIM($B3)
```

Lakini mimi nisingeishia hapo. Kuna siku mtu ataandika Ilinga, au Makambaku, na TRIM haitamsaidia. Mbaya zaidi, kosa la tahajia litapelekwa mahali pengine wakati wa kupanga, na mstari mnene utalitenga vizuri kabisa kama kituo halali. Weka orodha ya kuchagua kwenye kolamu B: Data, Data Validation, List, uandike vituo vyako vinane. Karani anachagua, haandiki. Mstari utakuwa unasema kweli ikiwa majina yenyewe ni ya kweli.

Na hapo kuna swali la pili. Unapangaje ili vituo vifuate njia ya basi? Kwa alfabeti Ilula inakuja kabla ya Morogoro.

KaraniWaVifurushi

Niliingiza vituo kwenye Custom List, nikipanga nachagua hiyo kwenye Order. Kompyuta ya mwenzangu haina, kwa hiyo akipanga yeye inatoka kwa alfabeti.

Mzee_wa_Leja

Mstari utachorwa vilevile, kwa sababu wenyewe unaangalia majirani tu, haujui njia ya basi. Orodha ya alfabeti itakuwa na mistari minene mizuri katika mpangilio mbaya. Mwambie mwenzako naye aingize Custom List.

Mtu_wa_Sheets

Naomba niulize kwa niaba ya sisi wa Google Sheets. Sisi kwenye kanuni hatuoni Border kabisa, wala mwembamba.

Mzee_wa_Leja

Huioni kwa sababu haipo. Kanuni za Sheets zinabadilisha rangi ya seli, rangi ya maandishi, na unene wa herufi, mistari hapana. Kwa hiyo kule badala ya mstari tumia rangi ya kupishana: kituo cha kwanza cheupe, cha pili kijivu hafifu, cha tatu cheupe. Kolamu ya msaada inabadilika kati ya 0 na 1 kila kituo kinapobadilika. Weka 1 kwenye G1, halafu G2 andika hii na uiburute chini:

```
=IF(B2=B1,G1,1-G1)
```

Kisha kanuni ya kujaza rangi kwenye A2 mpaka F mwisho iwe `=$G2=1`. Ukichapa nyeusi na nyeupe, chagua kijivu hafifu sana, maana mashine nyingi zinakikoleza na maandishi yanafifia.

Mtu_wa_Sheets

Nimejaribu, imekubali. Kondakta wa kwetu husoma kwenye simu, na rangi inaonekana kuliko mstari.

Chapakazi255

Kwa wale wa Excel wanaopenda makro, ndugu yangu aliniandikia hii zamani. Inachora mistari minene ya kweli bila kanuni yoyote:

```vb
Sub MistariYaVituo()
    Dim r As Long, m As Long
    m = Cells(Rows.Count, "B").End(xlUp).Row
    Range("A2:F" & m).Borders.LineStyle = xlNone
    For r = 2 To m
        If Cells(r, "B").Value <> Cells(r + 1, "B").Value Then
            Range("A" & r & ":F" & r).Borders(xlEdgeBottom).Weight = xlThick
        End If
    Next r
End Sub
```

Mzee_wa_Leja

Ni nzuri, inafanya kazi. Mtu ajue mambo mawili kabla ya kuitumia. Ukishaiendesha, huwezi kurudi nyuma kwa Ctrl+Z, historia inafutika. Na mistari inakuwa ya kudumu: ukipanga upya inabaki ilipo mpaka uiendeshe tena, yaani tatizo lilelile Karani alilokuja nalo. Kwa faili linalobadilika jioni nzima, kanuni ni bora. Kwa ripoti inayochapwa mara moja kwa mwezi, makro inatosha. Faili lihifadhiwe kama .xlsm, la sivyo makro haitahifadhiwa.

DadaStoo

Nimeamua nami kuijaribu hiyo ya kugeuza kwenye orodha ya idara. Mistari imetokea lakini imekaa safu moja juu ya panapotakiwa. Idara ya Usafi ina mtu mmoja wa Jikoni chini ya mstari.

Mzee_wa_Leja

Dada, ulipoandika kanuni seli yako ya kuanzia ilikuwa ipi?

DadaStoo

Nilibofya herufi ya kolamu A nikaburuta mpaka F. Yaani kolamu nzima.

Mzee_wa_Leja

Basi seli yako ya kuanzia ilikuwa A1, huku fomula ikizungumzia B2 na B3. Excel inaichukua fomula kama imeandikwa kwa ajili ya seli ya kuanzia, halafu inaisogeza. Kwa hiyo safu ya 1 iliuliza habari za safu ya 2 na 3, ya 2 ikauliza za 3 na 4. Kila safu inajibu kwa niaba ya jirani yake wa chini, na mstari unahama. Nenda Manage Rules, angalia "Applies to", weka `=$A$2:$F$300` au popote orodha yako inapoishia, kisha fungua fomula uhakikishe bado inasomeka `$B2=$B3`. Mara nyingine ukibadilisha eneo fomula nayo inasogea, usiiamini bila kuitazama.

Alama ya dola iwe mbele ya B peke yake. Ukiandika `$B$2=$B$3`, safu zote zitauliza swali la safu ya 2 na utapata mistari yote myembamba au yote minene.

DadaStoo

Imekaa sawa sasa. Ila nimeweka mpaka safu ya 300 na nina watu 140 tu, chini kuna mistari myembamba mitupu mpaka mwisho wa ukurasa wa nne.

Mzee_wa_Leja

Seli tupu na seli tupu ni sawa, ndiyo maana. Ongeza kanuni ya pili, `=$B2=""`, uipe mstari mwembamba wa rangi nyeupe chini, halafu kwenye Manage Rules uipandishe iwe juu ya ile ya kwanza. Kanuni mbili zikigombania ukingo mmoja, ya juu ndiyo inayoshinda. Karani nawe ifanye, maana idadi ya vifurushi haifanani kila siku. Na unapochapa, weka Print Area iishie kwenye data.

MwalimuWaNakuru

Mzee, swali langu. Mimi huchuja. Nikichuja wanafunzi ambao hawajalipa karo, mistari minene mingine inatoweka. East inaungana na West bila mpaka.

Mzee_wa_Leja

Kwa sababu mstari mnene umebebwa na safu ya mwisho ya kundi. Mwanafunzi wa mwisho wa East akiwa amelipa, kichujio kinaificha safu yake, na mstari unafichwa nayo. Kanuni inalinganisha na safu inayofuata kwenye karatasi, iwe imefichwa au haijafichwa.

Ninachofanya mimi ni kuchuja, kunakili kinachoonekana, na kubandika thamani tu kwenye karatasi nyingine iliyoandaliwa na kanuni ileile. Excel ikinakili orodha iliyochujwa inachukua safu zinazoonekana peke yake, kwa hiyo kule majirani ni majirani wa kweli.

MwalimuWaNakuru

Naelewa, ila nabadilisha kichujio mara kumi kwa siku, kila mzazi anapoingia. Kuna njia ya kanuni yenyewe kujua safu inayoonekana?

Mzee_wa_Leja

Ipo ya kolamu za msaada. Ya kwanza inajua kama safu inaonekana:

```
=AGGREGATE(3,5,B2)
```

Inatoa 1 ikionekana na 0 ikifichwa. Kutoka hapo unatafuta kundi la safu ya mwisho inayoonekana juu yako, na mstari unauhamishia ukingo wa juu badala ya wa chini. Nimeifanya kwenye orodha ya watu 200 ikakubali. Kwenye orodha ya elfu kadhaa ilikuwa nzito, kila nikichuja nasubiri. Sijapata namna nyepesi ninayoweza kukupa kwa moyo mweupe. Kama kuna mwenye nayo aiweke hapa.

KaraniWaVifurushi

Narudi kutoa mrejesho. Jana usiku kondakta alisafiri na karatasi mpya, kurasa mbili, vifurushi 103. Amenipigia asubuhi kutoka Mbeya. Anasema Iringa alishusha kumi na moja, akahesabu mpaka kwenye mstari mnene, akafunga buti. Mafinga hakukuwa na cha Iringa.

Ameomba kitu kimoja: ukurasa wa kwanza unakatika katikati ya Makambako, na anapogeuza karatasi hajui kama bado yuko Makambako au ameshaingia Mbeya, kwa sababu pale juu hakuna mstari wa kumwambia. Nimeweka kichwa kijirudie kupitia Print Titles, lakini kichwa hakitaji kituo. Mzee, hapo kuna dawa?

Mzee_wa_Leja

Kolamu B ipo kwenye kila safu, asome hapo. Lakini naelewa, kwa tochi mtu anatafuta mpaka na si neno. Nenda View, Page Break Preview, ivute ile alama ya bluu ipande mpaka kwenye mstari mnene wa Mafinga, Makambako yote ihamie ukurasa wa pili. Itabidi uivute kila jioni, maana idadi inabadilika.

DadaStoo

Au hapo ndipo ile Subtotal yangu ya kukata ukurasa ingemfaa, ila ingekata kila kituo.

Mzee_wa_Leja

Ndiyo dada, ingekata vyote vinane.